Barua ya wazi: Mwaka mmoja wa kusubiri jibu, na adhabu ya milioni 5.85

Kwa waheshimiwa mnaoandika sheria za kodi, na ninyi mnaozisimamia.

Mimi ni mtunza vitabu wa wafanyabiashara wadogo hapa Masasi, mkoani Mtwara. Sina ofisi ya vioo. Nina meza, kabati la mafaili na kalenda iliyochorwa duara jekundu kwenye kila tarehe 20, kwa sababu tarehe 20 ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka ritani ya VAT ya mwezi uliotangulia. Nawaandikia kuhusu jambo moja tu: mtu ambaye mauzo yake yameshuka chini ya kiwango cha usajili wa VAT, ameomba kufutiwa usajili, na anaendelea kuhesabiwa adhabu wakati ombi lake limelala kwenye faili.

Nitaeleza kisa cha mteja wangu mmoja, mama wa makamo mwenye duka maeneo ya Mkuti. Jina lake halihitajiki, na ofisi iliyomhudumia nayo sitaitaja. Silengi kumshitaki mtu. Waliokaa dirishani walikuwa wanafuata taratibu mlizowapa, na malalamiko yangu ni juu ya taratibu hizo.

Mama huyu aliuza vifaa vya ujenzi: bati, saruji, misumari, rangi na kufuli. Huku kwetu bati halinunuliwi kila mwezi. Linanunuliwa mkulima akishalipwa korosho, kati ya Novemba na Januari au Februari. Korosho ikilipa, Masasi nzima inaezeka. Isipolipa, wenye maduka tunashinda tunahesabu magari ya abiria. Mwaka 2017 ulikuwa wa neema. Mauzo yake ya miezi 12 yalifika shilingi milioni 128. Kiwango cha usajili wakati huo kilikuwa milioni 100, kwa hiyo alisajiliwa VAT kihalali kabisa, akaanza kutoza asilimia 18 na kupeleka ritani kila mwezi. Sikuwahi kumsikia akilalamikia hilo.

Kisha ukaja msimu wa 2018. Mnaukumbuka. Wanunuzi walileta bei ambazo wakulima walizikataa, na Novemba mwaka ule Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kuzibeba. Bei ilikuwa nzuri. Ila kwa wengi malipo yalichelewa, na mkulima ambaye hajalipwa haji dukani kuulizia bati la geji 28. Mwaka 2019 mauzo ya vifaa vya ujenzi kwa mama huyu yakaanguka hadi milioni 41.

Hakukaa kulia. Alihamia kwenye pembejeo: salfa na dawa nyingine za mikorosho, mabomba ya kupulizia na mbolea. Hapa ndipo lilipo jambo ambalo wenye maduka wengi hawalijui, na nimejifunza kwa gharama kwamba hata baadhi ya wanaoshika mafaili hulisahau. Dawa za kilimo na mbolea zimo kwenye jedwali la bidhaa zilizosamehewa VAT. Na kiwango cha usajili hakipimwi kwa kila shilingi inayoingia kwenye droo. Kinapimwa kwa mauzo ya bidhaa zinazotozwa VAT tu. Ukiuza dawa zilizosamehewa za milioni 500 na misumari ya milioni 3, kwenye mzani wa usajili una milioni 3.

Chukueni karatasi ya Z ambayo mashine ya EFD inatoa kila jioni duka linapofungwa. Ni utepe mwembamba, wino wake unafifia haraka ukiuacha karibu na dirisha, ndiyo maana mimi huwa natoa kivuli cha kila moja. Ndani yake mauzo yamegawanywa kwa herufi. Mstari wa A ni bidhaa zinazotozwa asilimia 18. Mstari wa E ni zilizosamehewa. Chini kabisa ipo jumla kuu. Mwaka 2019, mistari ya A ya mama huyu ilijumlishwa ikatoa milioni 41, mistari ya E ikatoa milioni 63, na jumla kuu ikawa milioni 104. Naomba mkumbuke namba hiyo ya mwisho, tutakutana nayo tena.

Januari 2020 aliuza bati za mwisho. Akabaki na misumari, kufuli na rangi kidogo kwenye rafu moja ya nyuma, na kila kitu kingine kikawa pembejeo. Nikamwandikia barua ya kuomba kufutiwa usajili wa VAT, tukaambatanisha muhtasari wa mauzo ya miezi 12. Tarehe 10 Februari 2020 barua ikapokelewa na nakala yetu ikagongwa muhuri. Alirudi nayo amefurahi.

"Mwanangu, tumemaliza," akaniambia.

"Tumemaliza, mama," nikamjibu.

Hapo ndipo nilipokosea, na sitalificha kwa sababu nawaandikia ninyi wakubwa. Muhuri wa kupokea barua si kufutwa kwa usajili. Usajili unakoma tarehe inayoandikwa kwenye notisi ya kufuta, na mpaka notisi hiyo itoke, mtu ni msajiliwa na anapaswa kupeleka ritani kila mwezi, hata ritani isiyo na kodi ya kulipa. Mimi nililijua hilo kwenye karatasi. Nilichodhani ni kwamba notisi itatoka ndani ya wiki chache, na kwamba itaandikwa tarehe ya kuanzia mwezi unaofuata ombi. Kwa hiyo hata ritani ya Februari, ambayo kwa hesabu yangu mwenyewe ilikuwa bado juu yetu na ilitakiwa kufika tarehe 20 Machi, haikupelekwa. Wala ya Machi. Wala zilizofuata.

Machi ile corona ikaingia nchini na kila ofisi ikawa inafanya kazi kwa tahadhari, hilo tunalielewa. Tukasubiri. Mwezi Juni tukaenda kuuliza, tukajibiwa kwa mdomo kwamba ombi haliwezi kukubaliwa kwa kuwa mauzo ya mwaka 2019 ni milioni 104, na kiwango ni milioni 100. Aliyefungua faili alikuwa amesoma jumla kuu. Mstari wa E alikuwa ameujumlisha na wa A.

Nikaenda kukaa chini na utepe wa Z mmoja mmoja, miezi 12, nikatengeneza jedwali la safu mbili. Ilinichukua siku nne, maana baadhi ya karatasi zilikuwa zimefifia kiasi cha kuzisoma kwa kuziinamisha kwenye jua. Kazi hiyo, kusema kweli, haikuwa na sababu. Mashine ya EFD inapeleka taarifa zake kwenye mfumo wenu. Mgawanyo wa A na E mnao tayari, tena bila kufifia. Septemba 2020 tukawasilisha jedwali pamoja na barua ya pili. Notisi ya kufuta usajili ikaandikwa tarehe 15 Machi 2021. Tarehe ya kuanza kutumika: 1 Machi 2021. Pamoja nayo ikaja orodha ya adhabu.

Hesabu yake naiweka wazi, kwa sababu watu wengi wanaposikia "adhabu ya kuchelewesha ritani" wanafikiri ni faini moja kwa ritani moja.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inasema asiyepeleka ritani anatozwa kiasi kilicho kikubwa kati ya viwili: asilimia 2.5 ya kodi inayodaiwa kwenye ritani hiyo, au kiwango maalumu cha fedha ambacho kwa mtu binafsi wakati ule kilikuwa shilingi 75,000. Kwa kampuni kilikuwa 225,000. Na kinatozwa kwa kila mwezi ambao ritani hiyo bado haijafika, na kipande cha mwezi kinahesabiwa mwezi mzima. Maneno hayo, "kwa kila mwezi", ndiyo yenye moto. Ritani ya Februari 2020 haikulipishwa 75,000 mara moja. Kufikia 15 Machi 2021 ilikuwa imechelewa miezi 12, kwa hiyo ikatozwa mara 12. Ya Machi ikatozwa mara 11. Ya Aprili mara 10. Hivyo hivyo ikishuka, mpaka ya Januari 2021 iliyotozwa mara moja. Ritani ni 12 tu, lakini miezi ya adhabu ni 12 na 11 na 10 na 9, endeleeni hivyo hadi moja, jumla 78. Zidisheni 78 kwa 75,000. Ni shilingi 5,850,000.

Sasa linganisheni na kodi yenyewe. Katika miezi ile rafu ya nyuma iliuza misumari na kufuli za wastani wa shilingi 300,000 kwa mwezi, VAT ikiwa ndani. VAT iliyomo kwenye 300,000 ni 300,000 mara 18 gawanya kwa 118, yaani kama 45,763. Kwa miezi 12 ni kama 549,000. Asilimia 2.5 ya kodi ya mwezi mmoja haifiki hata shilingi 1,200, ndiyo maana kila mara kiwango cha 75,000 ndicho kilichoshinda. Kodi laki tano na nusu ilizaa adhabu mara kumi na zaidi.

Kadiri ombi lilivyokaa, hesabu haikupanda kwa mstari ulionyooka. Ilipanda kama ngazi ambayo kila kipandio ni kirefu kuliko kilichotangulia. Kama notisi ingetoka baada ya miezi mitatu, ritani tatu zingekuwa na miezi ya adhabu 3 na 2 na 1, jumla 6, yaani 450,000. Baada ya sita ingekuwa 21, yaani 1,575,000. Ucheleweshaji wa jibu ukizidishwa mara mbili, adhabu inazidishwa zaidi ya mara tatu. Na mwenye uwezo wa kufupisha muda huo hakuwa mama, alikuwa aliyeshika faili.

Najua mtasema: angepeleka ritani tu, hata za sifuri, akisubiri. Ni kweli, na tangu siku ile hakuna mteja wangu anayeacha kupeleka ritani mpaka nishike notisi kwa mkono wangu. Nimeibandika ukutani kwa maandishi makubwa. Lakini tazameni upande wa pili. Mtu aliyeomba kutoka kwa sababu biashara imesinyaa ndiye yule yule asiyeweza kumlipa mtunza vitabu kila mwezi kwa ajili ya karatasi ya misumari ya laki tatu. Mnamwambia endelea kutimiza masharti ya mfanyabiashara mkubwa mpaka tutakapopata nafasi ya kukubali kwamba wewe si mkubwa.

Tuliomba tarehe irudishwe nyuma. Hili nalisema kwa uangalifu, kwa sababu ofisini walitusikiliza kwa heshima na hoja zao zilikuwa na uzito. Mtu akiruhusiwa kujichagulia tarehe ya kutoka, walisema, atachagua ile inayomfutia kodi. Aliyetoza VAT mwaka mzima na kuiweka mfukoni atakuja aseme, mimi kumbe nilikuwa nimeshatoka. Na wateja wake wenye usajili waliodai marejesho kwa kutumia risiti zake je? Risiti ziligeuka lini kuwa batili?

Wako sahihi. Kwa hiyo sikuomba tarehe irudi mpaka pale mauzo yaliposhuka mwaka 2019, ingawa kwa kipimo cha kiwango ningeweza kujaribu. Mwaka 2019 mama alikuwa anatoza VAT kwenye bati, anadai VAT ya manunuzi na kupeleka ritani. Kuirudisha tarehe ya kufutwa nyuma hadi huko kungevuruga vitabu vyake na vya wanunuzi wake. Niliomba tarehe 1 Machi 2020, siku ya kwanza ya mwezi uliofuata ombi lenye muhuri. Na niliandika ndani ya ombi kwamba VAT yote iliyoonekana kwenye mstari wa A baada ya tarehe hiyo italipwa, na kwamba bidhaa zilizobaki rafuni ambazo tulishadai VAT yake ya manunuzi zihesabiwe kwenye ritani ya mwisho.

Mnaweza kuuliza kwa nini aliendelea kutoza VAT kwenye misumari ikiwa alijiona ametoka. Kwa sababu mashine haimsikilizi yeye. EFD imewekwa namba ya usajili wa VAT, na kila risiti inaichapa juu mbele ya herufi VRN. Kuibadilisha mashine mpaka ichape `NOT REGISTERED` mahali pa namba ile kunafanywa na msambazaji aliyeidhinishwa, na yeye hagusi mashine bila notisi ya kufuta. Bila notisi, misumari ya shilingi 5,000 inatoka na VAT ndani yake, upende usipende. Kuacha kutoa risiti ni kosa jingine, kubwa zaidi. Kwa hiyo mama alikuwa amebanwa: mashine inamwita msajiliwa, barua yake inasema si msajiliwa, na faili halisemi chochote.

Angalieni tofauti kama tarehe ingekubaliwa kuwa 1 Machi 2020. Ritani moja tu ndiyo ingekuwa imekosekana, ya Februari. Adhabu yake kwa miezi 12 ni 900,000. Hiyo ni yetu, tena ni yangu mimi zaidi kuliko yake, na tungeilipa bila neno. Kodi ya misumari ingelipwa ilivyo pamoja na riba yake. Ambacho kingeondoka ni adhabu za ritani kumi na moja, shilingi 4,950,000, ambazo zote zilizaliwa baada ya ombi kupokelewa. Serikali isingepoteza shilingi hata moja ya kodi.

Jibu likawa kwamba tarehe ya notisi haibadiliki.

Njia zilizobaki mnazijua. Pingamizi liwasilishwe ndani ya siku 30, na kwa kawaida mwenye kupinga aweke kwanza theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi asichobishia, kile kilicho kikubwa. Adhabu na kodi kwa pamoja ni kama milioni 6.4, na theluthi yake ni kama 2,130,000. Ilikuwa Machi, msimu wa korosho umeisha na wa salfa haujaanza. Mtu wa pembejeo mwezi Machi ana mtaji uliolala kwenye mifuko, hana fedha mkononi. Upo mwanya wa kuomba kusamehewa hiyo amana, lakini nao ni ombi jingine la kusubiriwa jibu, na siku 30 zinatembea. Msamaha mkubwa wa riba na adhabu wa mwaka 2018, ule wa asilimia 100, ulikuwa umeshapita kabla tatizo hili halijazaliwa.

Tukachagua kuomba adhabu ipunguzwe kwa sababu za msingi, jambo ambalo sheria inaliruhusu. Tukaweka nakala ya barua yenye muhuri wa 10 Februari juu kabisa ya faili. Ikapunguzwa nusu: 2,925,000, kwa awamu kumi. Nashukuru kwa nusu hiyo. Ila wakati wote huo deni lilikuwa linaonekana kwenye mfumo, na mwenye deni hapewi uthibitisho wa kutodaiwa kodi, na bila uthibitisho huo leseni ya biashara haihuishwi. Aliuza salfa ya mwaka ule akiwa na leseni iliyokwisha muda, akiangalia barabarani kila gari la halmashauri likipita. Alilipa awamu ya kwanza kwa kuuza viwanja viwili alivyonunua Chikundi mwaka ule wa neema, 2017.

Mtaniambia hicho ni kisa cha zamani. Julai 2023 kikawa kipya. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilipandisha kiwango cha usajili kutoka milioni 100 hadi milioni 200 kwa miezi 12. Ulikuwa uamuzi mzuri na tuliupokea kwa mikono miwili. Lakini fikirieni maana yake kwa mwenye mauzo ya milioni 150. Tarehe 30 Juni alilala akiwa ndani ya VAT kwa lazima. Tarehe 1 Julai akaamka yuko chini ya kiwango, bila kuuza msumari mmoja pungufu. Wengi walisikia redioni "kiwango sasa ni milioni 200" wakahesabu kwamba wametoka, kama ambavyo mama alihesabu muhuri. Wengine walikuja kwangu Septemba, ritani za Julai na Agosti hazijapelekwa, wananieleza kwa kujiamini kwamba sheria imewatoa. Sheria haikuwatoa. Iliwapa sababu ya kuomba. Siku ile kiwango kinapandishwa, tangazo lingeweza kubeba sentensi moja zaidi: usajili wako unaendelea mpaka upate notisi, na ritani zinaendelea.

Ninachoomba kwenu hakihitaji fedha.

Kwanza kabisa ni tarehe. Andikeni ndani ya sheria yenyewe kwamba ombi likikubaliwa kwa sababu ya mauzo kushuka chini ya kiwango, usajili unakoma siku ya kwanza ya mwezi unaofuata siku ombi lilipopokelewa, si siku ofisa alipopata nafasi ya kusaini. Siombi tarehe ya kujichagulia. Muhuri wa mapokezi ni wenu, wino wenu, tarehe yenu. Hakuna wa kuughushi nyuma ya pazia. VAT iliyotozwa kwenye risiti baada ya tarehe hiyo ibaki kuwa ya serikali na ilipwe yote, na mnunuzi aliyepewa risiti yenye VRN asiadhibiwe kwa kuiamini. Kwa masharti hayo, ile hofu ya mtu kukimbia na kodi inakosa mahali pa kukaa.

Pamoja na tarehe, wekeni ukomo wa kujibu. Mnatupa sisi siku 30 za kupinga, na ikifika ya 31 mlango umefungwa. Jipeni na ninyi siku 30 za kujibu ombi la kufutiwa usajili. Kama hesabu inahitaji kukaguliwa zaidi, semeni hivyo kwa maandishi, na kuanzia siku hiyo saa ya adhabu kwa ritani za baadaye isimame mpaka uamuzi. Ombi likikataliwa, saa iendelee na mtu apewe siku chache za kupeleka ritani zote. Likikubaliwa, adhabu za kipindi cha kusubiri zifutwe na mfumo wenyewe, bila mtu kuandika barua ya kuomba huruma kwa jambo ambalo mmeshakubali kwamba alikuwa na haki nalo.

Na fomu ya maombi. Isiulize "mauzo ghafi ya mwaka" kwa mkupuo. Iwe na nafasi ya mauzo yanayotozwa VAT na nafasi ya yaliyosamehewa, kila moja peke yake, na namba hizo zivutwe kutoka kwenye taarifa za EFD badala ya kumtegemea mtu kama mimi anayesoma tepe kwenye jua. Mkoa huu na Lindi, ambako nusu ya maduka ya mjini yana mfuko wa salfa nyuma ya mlango, kosa la kujumlisha E na A halitaacha kutokea. Lilitugharimu miezi sita, kuanzia Septemba hadi Machi, tukisubiri kurekebishwa kwa jambo lililokuwa wazi tangu Februari, na miezi hiyo ndiyo iliyokuwa na vipandio virefu zaidi vya ngazi.

Mama bado ana duka. Rafu ya nyuma ameifunga, misumari hauzi tena. Nilimwambia anaweza kuuza, kiwango ni milioni 200 sasa, hata akiuza ya milioni 10 hakuna atakayemgusa. Akanitazama kama mtu anayeambiwa nyoka amekufa.

Nakala ya barua yenye muhuri wa tarehe 10 Februari 2020, jedwali la A na E, notisi ya 15 Machi 2021 na orodha ya miezi 78 ninazo kwenye faili la kijani, na mwenyewe ameniruhusu niwaonyeshe wakati wowote mkizihitaji.

Wenu,
Mtunza vitabu, Masasi, Mtwara